Somo: Kuandika ndoto pamoja na siku iliyoizaa

Madaftari mengi ya ndoto hujaa vipande tu: nyoka, mto, marehemu babu, matatu isiyo na dereva. Kinachokosekana ni siku iliyotangulia ndoto. Kwa hiyo tumia kurasa mbili zinazotazamana.

1. Usiku, ukurasa wa kulia. Kabla ya kulala andika mistari mitatu kuhusu siku yako: uliyekutana naye, lililokuudhi, ulilotaka kusema ukanyamaza. Usingoje asubuhi, kwa sababu ukishaota utakumbuka yale tu yanayofanana na ndoto.

2. Ukiamka, usigeuke. Baki ulivyolala, macho umefumba. Ishike hisia kwanza, halafu tukio la mwisho, kisha urudi nyuma: kabla ya hapo nilikuwa wapi? Ndoto hufutika kwa dakika chache, na ujumbe mmoja wa simu unatosha kuifukuza. Vipindi virefu vya kuota huja alfajiri, kwa hiyo anayeamka saa kumi na moja kuwahi gari la mjini mara nyingi hukatizwa katikati ya ndoto. Aandike hapo hapo kitandani.

3. Ukurasa wa kushoto. Anza na hisia, kisha simulia kana kwamba yanatokea sasa. Pengo liache pengo. Ukilijaza, hiyo ni hadithi yako. Usifasiri chochote.

4. Baada ya wiki tatu hivi, soma zote pamoja. Tafuta hali inayojirudia, wala si vitu.

Tuseme mama mmoja ana ndoto tatu. Makanga anamdai nauli na mkoba ni mtupu. Yuko kanisani, anaitwa mbele bila viatu. Mwalimu anamuuliza hesabu darasani. Ukiangalia vitu, havihusiani. Lakini juu ya zote ameandika "aibu", na katika zote anabanwa mbele za watu. Kurasa za kulia zinataja mkutano wa chama mara mbili, na siku ya tatu simu ya mwekahazina kuhusu deni lake. Sasa ana swali la kufuatilia: ni deni lenyewe linalomsumbua, au kutajwa hadharani? Daftari halitamjibu, ila limempa pa kuanzia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nyanya alisema nyoka ni adui. Niandike hivyo?*
Andika nyoka alifanya nini nawe ulihisi nini. Neno la nyanya liweke pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, lisichanganyike na ndoto.

*Tunalala chumba kimoja na watoto, siwezi kuwasha taa.*
Andika gizani maneno matano kwa herufi kubwa, ukianza na hisia. Kukipambazuka utayapanua.

*Mimi siamki na chochote.*
Andika "sikumbuki" pamoja na hisia uliyoamka nayo. Kama unakunywa pombe usiku, jaribu siku usizokunywa. Pombe hupunguza usingizi wa kuota.

*Ndoto yangu ni ile ile, usiku wa uvamizi nyumbani. Naamka natetemeka.*
Pole sana, dada. Hiyo usiiandike kwa njia hii peke yako. Muone mshauri wa kisaikolojia. Kuirudia kila asubuhi kunaweza kukuzidishia.