Mambo ya kuzingatia kabla ya kukokotoa vimo vya maji ya ardhini kwa njia ya Jacobi au ya Seidel

Anayetaka kukadiria kimo cha maji ya ardhini kati ya miteremko ya Mlima Meru na kingo za Mto Themi, hapa Arusha, kwa kawaida huchora mstari kutoka juu hadi chini, huugawa kwa umbali ulio sawa, kisha huandika mlinganyo mmoja kwa kila nukta. Ikiwa tabaka lenye maji lina unene na upenyezaji ulio sawa, mtiririko umetulia na hakuna pampu inayovuta, kimo cha maji katika kila nukta ni wastani wa vimo vya jirani zake wawili. Tuchukue mfano mdogo wa nukta tatu, ambapo kimo kilichopimwa kwenye ncha ya juu ni meta 20 na kwenye ncha ya mtoni ni meta 12, vyote vikihesabiwa kutoka usawa mmoja tuliouchagua.

```
2*h1 -   h2        = 20
 -h1 + 2*h2 -   h3 = 0
     -   h2 + 2*h3 = 12
```

Jibu linajulikana bila kompyuta: 18, 16 na 14. Ndiyo maana mfano huu unafaa, kwa sababu tunaweza kuona kila njia inavyokwenda kuelekea jibu. Zote mbili huanza na thamani za kubuni, kisha huzisahihisha mzunguko baada ya mzunguko. Kwa njia ya Jacobi, nukta zote husahihishwa kwa pamoja kwa kutumia thamani za mzunguko uliopita pekee. Kwa njia ya Seidel, thamani mpya ya nukta moja hutumika papo hapo katika kusahihisha nukta inayofuata.

Jambo la kwanza la kukagua ni mpangilio wa milinganyo yenyewe. Kila mlinganyo lazima ukae kwenye mstari wa kisichojulikana kinachobeba kizidishi chake kikubwa, ili vizidishi hivyo viangukie kwenye ulalo, yaani mshazari unaotoka juu kushoto hadi chini kulia. Mlinganyo wa kwanza na wa pili vikibadilishana nafasi, jibu sahihi halibadiliki hata kidogo, lakini sasa h1 inatafutwa kwa kanuni h1 = 2*h2 - h3, na h2 kwa kanuni h2 = 2*h1 - 20. Ukianza na sifuri, kufikia mzunguko wa tatu wa Jacobi h2 imekuwa meta 112 chini ya usawa wa kuhesabia, ilhali haiwezi kutoka nje ya 12 na 20. Kosa hili hutokea zaidi pale milinganyo inaponakiliwa kwa mpangilio wa daftari la vipimo badala ya mpangilio wa nukta.

Jambo la pili, na ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote, ni kulinganisha kila kizidishi cha ulalo na jumla ya vizidishi vingine vya mstari wake, bila kujali alama za kutoa. Ikiwa cha ulalo ni kikubwa kuliko jumla hiyo katika kila mstari, njia zote mbili hufika kwenye jibu kutoka mahali popote unapoanzia, na kosa kubwa kuliko yote hupungua kila mzunguko angalau kwa uwiano mbaya zaidi kati ya jumla hiyo na ulalo. Mfano wetu hautimizi sharti hilo: mstari wa kati una 2 dhidi ya 2. Hata hivyo njia zote mbili hufika, kwa sababu kuna sharti jepesi zaidi linalotosha: ulalo usizidiwe katika mstari wowote, uzidi kabisa katika angalau mstari mmoja, na nukta zote ziwe zimeungana kiasi kwamba kutoka yoyote unaweza kufika nyingine kwa kupitia jirani hadi jirani. Katika mfano wetu, mistari iliyozidi ni ile miwili inayogusa ncha zilizopimwa.

Sharti la kuungana si la mapambo. Tuseme ufa wa miamba umekata tabaka, na upande wa pili zimebaki nukta mbili ambazo hazipati maji kutoka ncha yoyote iliyopimwa. Milinganyo yao ni kwamba ya kwanza ni sawa na ya pili, na ya pili ni sawa na ya kwanza. Zikianza na thamani tofauti, Jacobi itazibadilishana thamani hizo bila kikomo, na mkokotoaji ataona wazi kwamba kuna tatizo. Seidel itatulia mara moja kwenye thamani uliyoibuni mwenyewe kwa nukta ya pili, nayo itaonekana kama jibu. Binafsi naiona hatari hii ya pili kuwa kubwa kuliko hesabu inayolipuka. Namna ya kuitambua ni kurudia hesabu kwa thamani tofauti za kuanzia: kimo kikifuata ulichoanza nacho, sehemu hiyo haina nanga. Ukiongeza pampu kwenye sehemu kama hiyo, kimo kitashuka bila kukoma, na hilo ni sahihi kimaumbile, kwa kuwa maji yanatolewa na hayaingii.

Masharti haya yanatosha lakini si ya lazima. Ipo milinganyo inayoyavunja na bado ikakubali njia moja au zote mbili. Pale ambapo vizidishi vya ulalo ni chanya na vingine vyote ni hasi au sifuri, kama hapa, njia zote mbili hufika pamoja au hushindwa pamoja, na zikifika Seidel haiwi ya nyuma.

Jambo la tatu ni kukadiria mwendo kabla ya kuweka kipimo cha kusimama. Tukianza na sifuri, kosa la h2 kwa Jacobi ni 16, 16, 8, 8, 4, 4. Kwa Seidel ni 16, 11, 5.5, 2.75, yaani baada ya hatua ya kwanza linagawanyika kwa mbili kila mzunguko. Tazama mtego ulio katika mfululizo wa Jacobi: kati ya mzunguko wa pili na wa tatu h2 haikusogea kutoka 8, ilhali jibu ni 16. Anayeangalia nukta moja tu angesimama hapo. Ni lazima kuangalia badiliko kubwa kuliko yote kati ya nukta zote, ambalo katika hatua hiyo ni meta 4.

Lakini hata badiliko hilo halilingani na kosa lililobaki. Ukigawa mstari uleule kwa nukta 99, kosa la Seidel linabakia kama 0.999 ya lilivyokuwa katika kila mzunguko, na kulipunguza mara elfu kunahitaji mizunguko ipatayo 7,000; Jacobi inahitaji mara mbili yake. Kwa mwendo huo, kosa lililobaki ni takriban mara elfu moja ya badiliko la mwisho. Excel, ukiwasha `Enable iterative calculation`, huja na mizunguko 100 na badiliko la 0.001: mpangilio huo ungekatiza hesabu hii mapema mno, na hata ukiongeza mizunguko, badiliko la milimita moja lingeficha kosa la karibu meta nzima.

Hali ni tofauti kabisa ikiwa kuna mvujo kutoka tabaka la juu, na kila kizidishi cha ulalo kikawa 2.5 badala ya 2. Uwiano unakuwa 0.8 kwa idadi yoyote ya nukta, mizunguko 31 ya njia yoyote inatosha kupunguza kosa mara elfu, na kosa lililobaki halizidi mara nne ya badiliko la mwisho.