Kabla hujalipa invoisi, angalia ile PIN ni ya nani

Hii ni kwa mtu yeyote Kenya anayelipa masaplaya, iwe una duka, una saiti ya ujenzi ama we ndo unashika mafaili ya ofisi. Invoisi ikishafika watu wengi huangalia jumla na namba ya akaunti basi, ile PIN ya KRA pale juu inapitwa tu, na ndo hiyo ingekuambia mapema kama jina na kampuni vinaenda pamoja.

Anza kwa kuisoma kwa macho kabla hata hujafungua simu. PIN ni herufi moja, tarakimu tisa, halafu herufi moja ya mwisho, kwa hivyo ukiona O katikati badala ya sifuri ujue mtu ameandika vibaya au ameitunga. Ile herufi ya kwanza ndo ya maana zaidi: A ni ya mtu binafsi, P ni ya kampuni na taasisi zingine. Sasa invoisi ikisema "Limited" halafu PIN inaanza na A, hapo simama kabisa, hiyo si PIN ya kampuni, ni ya mtu. Lakini usimkimbilie kila mwenye A ukamuita mwizi, kwa sababu biashara ya mtu mmoja iliyosajiliwa kama jina la biashara tu, bila Limited, hutumia PIN ya mwenyewe na ni halali. Kwa huyo utaona jina la duka kwenye invoisi na jina la mtu KRA, kwa hivyo muombe cheti cha usajili wa jina la biashara kinachoonyesha mwenye duka ni nani.

Hatua inayofuata, ingia itax.kra.go.ke, huhitaji kulogin, tafuta `PIN Checker`, andika PIN, jibu ile hesabu ndogo ya usalama halafu bonyeza `Consult`. Andika PIN kwa mkono ukiangalia invoisi yenyewe, usiitoe kwenye rekodi zako za zamani maana utakuwa unakagua rekodi zako badala ya invoisi iliyo mbele yako. Jina likitokea lilinganishe neno kwa neno. Kampuni mbili zinaweza kufanana kila kitu isipokuwa neno moja, mmoja ni Hardware mwingine ni Hardware Supplies, na kisheria hao ni watu wawili tofauti.

Usifunge ukurasa ukishaona jina. Angalia kama PIN ni `Active`, halafu shuka kwenye orodha ya aina za kodi alizosajiliwa. Tuseme hadwea imekuletea invoisi ya saruji na vyuma, mali ni shilingi 300,000, VAT asilimia 16 ni 48,000, jumla 348,000. Jina limelingana, PIN iko hai, lakini kwenye orodha VAT haipo, ama ipo na tarehe yake ya kuanza ni baada ya tarehe ya invoisi. Huyo hana haki ya kukutoza ile 48,000 na ukimpa hutaweza kuidai KRA kama VAT ya manunuzi. Mrudishie invoisi akueleze kwanza, pesa ibaki kwako.

Na hapa ndo watu wengi huumia. Jina na PIN kulingana kunaonyesha tu kwamba PIN ile ni ya kampuni ile, hakuonyeshi kwamba kampuni ile ndo imekutumia invoisi. PIN si siri, iko kwenye kila risiti wanayotoa, kwa hivyo tapeli anaweza kunakili jina, nembo na PIN halali kabisa akabadilisha kitu kimoja tu, akaunti ya benki. Ndo maana invoisi iwe ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, na uiskani ile QR, kisha linganisha jina la muuzaji, namba ya invoisi, tarehe na kiasi na ile karatasi uliyonayo. Hata hivyo tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS, ukitoa vichache vilivyosamehewa, haikubaliki kupunguza kodi yako ya mapato, kwa hivyo ungeihitaji tu, na kama unataka kudai VAT hakikisha PIN yako wewe mnunuzi imo pia.

Lakini hata invoisi ya eTIMS ya kweli inaweza kudakwa kwenye imeili ikatumwa tena na akaunti nyingine. Akaunti ikiwa mpya au imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye invoisi, wakusomee wenyewe jina na namba ya akaunti. Kampuni ya Limited inayotaka ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi isubiri mpaka mkurugenzi uliyethibitisha ni mkurugenzi, kwa kuangalia CR12 yao, ile hati inayoorodhesha wakurugenzi wa kampuni, akuandikie barua.

Ukimaliza piga skrinshoti ya matokeo ya `PIN Checker`, tarehe ionekane, uiambatishe na invoisi kwenye faili. Na kwa saplaya wa kila mwezi rudia ukaguzi mara kwa mara, kwa sababu PIN iliyokuwa hai Januari yaweza kuwa imesimamishwa kufika Juni.