Ng'ombe Aliyezaa Akashindwa Kuinuka: Mchanga, Kumgeuza, na Lini Ukubali Hatapona

Hatua hizi nimeziandika baada ya kumsaidia mama mmoja wa Rungwe. Friziani wake alizaa jioni, na alfajiri akamkuta amelala kwenye zege, shingo imepinda ubavuni, masikio ya baridi. Hiyo ni homa ya maziwa, yaani kalsiamu kwenye damu imeshuka baada ya kuzaa.

1. Kalsiamu. Mwite daktari wa mifugo mapema. Ataiingiza kwenye mshipa polepole huku akisikiliza moyo, kwa sababu ikienda kasi huweza kuusimamisha. Usimnyweshe kitu kwa chupa akiwa amelegea, kitaingia mapafuni.

2. Mtoe kwenye zege. Hapa ndipo wengi hupoteza ng'ombe. Yule wa Rungwe alichangamka baada ya dawa, akaanza kula, ila miguu ya nyuma ikagoma. Usiku kucha uzito wake ulikuwa umekandamiza paja la chini, na saa chache tu kwenye sakafu ngumu zinatosha kuumiza misuli na neva. Kalsiamu haitibu jeraha hilo.

Mimi nataka mchanga, si majani makavu juu ya zege. Majani husogea akijaribu kuinuka, kwato zikafika kwenye zege na kuteleza, miguu ikapanuka, nyonga ikateguka. Mimina mchanga wa kina cha sentimita 25 au zaidi, uzungushie magogo usitawanyike. Ukikosa mchanga, mpeleke kwenye udongo laini mkavu wenye kivuli. Mviringishe juu ya turubai nene, kisha vuteni turubai. Msimvute kwa miguu wala shingo.

3. Mgeuze kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia. Akilalia paja la kushoto, simama kushoto kwake, utoe mguu wa nyuma ulio chini yake uje upande wako, kisha wenzako wasukume nyonga aegemee kulia. Lazima akae kwa kifua, akiegemezwa kwa magunia ya majani. Akilala ubavu kabisa, gesi humjaa tumboni na anaweza kufa.

Miguu ya nyuma ikipanuka, ifunge pamoja kwa kamba laini juu ya kwato, ukiacha nafasi ya takriban sentimita 60.

4. Maji na chakula viwe karibu na mdomo. Kamua, na safisha kiwele.

5. Pima matumaini kwa ukweli. Anayekula, anayekaa kwa kifua na kujaribu kuinuka, mpe muda. Yule wa Rungwe alisimama siku ya tatu. Wengi wanaopona huinuka ndani ya siku nne hivi. Baada ya hapo nafasi hupungua sana. Akiacha kula, akirudi kulala ubavu kila ukimkalisha, au vidonda vikichimbika, anateseka bure. Mwombe daktari amalize mateso yake. Kama unafikiria kumchinja, muulize kwanza dawa alizopewa zinaruhusu nyama kuliwa lini. Nyama ya ng'ombe aliyechomwa antibayotiki juzi haifai kuliwa.