Kabla ya kuingia kwenye karatasi: alama za mdomo na vitendo zimekuachia deni gani?

Wanafunzi wa uuguzi na utabibu hapa Tabora hunijia zaidi katika zile siku chache kati ya mtihani wa vitendo na mtihani wa kuandika. Wengi wameshatoka mbele ya watahini, wanajua takribani walichopata, na swali lao ni moja: wanahitaji alama ngapi kwenye karatasi ili wafaulu somo? Hesabu yenyewe si ngumu, lakini nimeona ikiharibika mara nyingi kabla hata haijaanza, na ndiyo maana naandika mambo ambayo mwanafunzi, na hata mwalimu anayejumlisha alama, anapaswa kuyahakikisha mapema.

La kwanza ni mwongozo wa somo. Usikubali kuambiwa na mwenzako wa mwaka wa juu kwamba karatasi ina uzito fulani, kwa sababu uzito hutofautiana kati ya somo na somo. Tafuta mambo matatu kwenye mwongozo huo: kila sehemu inachangia alama ngapi katika 100, alama ya kufaulu somo zima ni ipi, na kama kuna sharti la kufaulu karatasi peke yake. Sharti hilo la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na nitalirudia.

Tuchukue mfano wa somo ambalo mtihani wa mdomo una 15, vitendo vina 25, karatasi ina 60, na alama ya kufaulu ni 50. Mwanafunzi mmoja, tumwite Neema, amehojiwa kwa mdomo na watahini watatu, kila mmoja akitoa alama kati ya 20. Wamempa 13, 11 na 9. Jumla ni 33, wastani ni 11, na 11 kati ya 20 ni asilimia 55. Asilimia 55 ya 15 ni 8.25, na huo ndio mchango wa mtihani wa mdomo.

Kwenye vitendo kuna mtego. Neema amepimwa na watahini wawili katika vituo viwili: cha kufunga kidonda, ambacho fomu yake ina alama 50, na cha kuandaa sindano, ambacho fomu yake ina alama 40. Amepata 31 na 22. Nimewahi kuletewa karatasi ya majumuisho ambayo mtu alijumlisha 31 na 22, akagawa kwa mbili, akapata 26.5, kisha akaichukua kana kwamba ni alama kati ya 50. Hesabu hiyo haina maana, kwa kuwa alama mbili zilizotolewa kwa vipimo viwili tofauti haziwezi kuwekwa kwenye wastani mmoja kabla ya kuletwa kwenye kipimo kimoja. Geuza kila moja iwe asilimia kwanza: 31 kati ya 50 ni 62, na 22 kati ya 40 ni 55. Wastani wake ni 58.5, na asilimia 58.5 ya 25 ni 14.625. Yupo atakayejumlisha 53 kati ya 90 na kupata karibu asilimia 58.9; hilo si kosa la hesabu, lakini linakipa kituo cha kwanza uzito mkubwa kuliko cha pili, kwa hiyo lifanyike pale tu ambapo mwongozo unasema hivyo.

Neema sasa ana 8.25 na 14.625, yaani 22.875 kati ya 40. Ili afike 50 anadaiwa 27.125, na deni hilo litalipwa na karatasi yenye uzito wa 60. Gawa 27.125 kwa 0.6, utapata 45.2 na kidogo. Kama karatasi husahihishwa kwa alama kamili, bila nusu, basi anahitaji 46.

Hapa ndipo ninapomsihi kila mwanafunzi asikadirie njiani. Mtu anayependa namba nzuri ataiona 22.875 na kuandika 23, deni litakuwa 27, na jibu litatoka 45 kamili. Neema akipata hiyo 45, karatasi itachangia 27 na jumla yake itakuwa 49.875. Huenda chuo kikaipandisha hadi 50, huenda kisiipandishe. Hilo liko kwenye kanuni zao, haliko mikononi mwake. Desimali zibaki zote hadi mwisho, na jibu la mwisho lipandishwe juu, kamwe lisishushwe.

Turudi kwenye lile sharti. Kama mwongozo unasema kwamba mtahiniwa lazima apate angalau 50 kwenye karatasi yenyewe, basi ile 46 haimfai Neema hata kidogo, na lengo lake ni 50. Wanaoumia zaidi kwa jambo hili ni wale waliofanya vizuri sana kwenye vitendo, kwa maana hesabu ya jumla huwaonyesha kwamba wanahitaji 30 tu, wakalegea, wakaishia kurudia mtihani wakiwa na jumla inayozidi 60.

Jambo linalohitaji macho zaidi ni mtahini aliyekosekana. Tuseme yule wa tatu, aliyetoa 9, aliitwa wodini na hakumhoji Neema kabisa. Nafasi yake ikiachwa wazi, wastani ni wa 13 na 11, yaani 12, na mchango unakuwa 9. Ikiandikwa 0, wastani unashuka hadi 8 na mchango unakuwa 6. Tofauti ni alama 3 za somo, ambazo kwenye karatasi ni alama 5 nzima za kutafuta upya. Wanaotumia kompyuta wajue kwamba fomula ya wastani hupuuza kisanduku kilicho wazi lakini huihesabu sifuri kama alama halali:

```
=AVERAGE(B2:D2)
=ROUNDUP((50-H2)/0.6,0)
```

Ya kwanza hutoa wastani wa watahini watatu, na ya pili hutoa alama ya karatasi inayohitajika, pale ambapo H2 ina mchango wa mdomo na vitendo kwa pamoja.

Wastani pia huficha mengi. Alama za 17, 9 na 7 zina wastani uleule wa 11 kama zile za Neema, lakini watahini hao hawakuona kitu kimoja. Kwa maoni yangu, kila mtahini aandike alama yake kwa kalamu ya wino kabla ya kuzungumza na wenzake, na pengo kama hilo lijadiliwe siku hiyohiyo, wakati majibu ya mwanafunzi bado yamo kichwani mwao. Mwanafunzi naye, kama chuo kinaruhusu kuonyeshwa alama, aziangalie fomu zenyewe badala ya majumuisho peke yake. Niliwahi kukuta 17 imenakiliwa kuwa 11 kwa sababu ya mwandiko, na ilirekebishwa kwa dakika tano kwa kuwa mhusika alikuja kabla ya karatasi.

Chuo kisipoonyesha alama, piga hesabu mara mbili: mara moja kwa makadirio ya chini unayoweza kuyaamini, na mara ya pili kwa yale ya juu, kisha usome kwa kulenga jibu linalotokana na yale ya chini.