Somo: Kuondoa lugha ya mafundi kwenye taarifa inayokwenda kwa wakubwa

Wakuu, habari za kazi. Kuna aliyeniomba nieleze ninavyoandika taarifa za hitilafu kwa mameneja na wajumbe wa bodi ambao hawajawahi kufungua seva. Nitatumia taarifa moja tu, niliyoiandika mwenyewe miaka kadhaa iliyopita nikiwa fundi wa mfumo kwenye SACCOS moja. Tarakimu nimezibadilisha kidogo, makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Hii ndiyo niliyomtumia meneja asubuhi:

```
P1 imefungwa. TLS cert ya callback URL ili-expire 14/21:10 UTC,
IPN zote za C2B zika-fail. nginx reload 04:40 UTC, ipo OK.
Txn 63: 58 replayed, 5 pending. CR ya auto-renew ipo UAT.
RCA itafuata.
```

Mistari minne, nikajiona nimeandika kwa ufupi wa kupigiwa mfano. Nusu saa baadaye mhasibu mkuu akanipigia kuuliza hiyo CR ni ya shilingi ngapi na imeingia akaunti ipi. Kwake CR ni upande wa kulia wa leja. Kwangu ilikuwa ombi la kubadilisha mfumo.

Hatua ya 1: Andika swali la msomaji kabla hujagusa neno lolote

Chukua karatasi, andika kitu ambacho meneja ataulizwa siku hiyo na mtu mwingine. Kwa kisa hiki wanachama walikuwa wameshaanza kufika dirishani na simu mkononi: "Nimekatwa, pesa iko wapi?" Basi meneja alihitaji mambo manne. Ni wangapi, pesa iko wapi, watapata lini, na je, itatokea tena? Isome tena taarifa yangu ukitafuta majibu hayo. Moja tu limo, hizo 63, na hata hizo hazisemi kama ni watu au ni nini.

Wengi hudhani kazi ni kubadilisha maneno magumu kuwa mepesi. Ukianza hivyo utapata taarifa nyepesi isiyojibu kitu.

Hatua ya 2: Zungushia kila neno la kifundi, kisha ligawe

Mimi nina mafungu matatu. La kwanza ni maneno anayoyatumia msomaji mwenyewe: SMS, PIN, TRA, SACCOS. Hayo yaache, ukiyafafanua utamchosha. La pili ni majina ya vyuma na programu ambavyo yeye hatavifanyia uamuzi wowote: `nginx`, TLS, URL, P1. Hayo futa kabisa, usiyatafsiri. La tatu ni dogo lakini ndilo lenye kazi: maneno yaliyobeba habari anayoihitaji. Kwenye taarifa yangu yalikuwa `callback`, `expire`, `replayed` na `pending`.

Ongeza kundi la hatari: vifupisho vyenye maana mbili ndani ya jengo moja. CR na DR ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu kwa fundi DR ni mpango wa kurejesha mfumo baada ya janga, na kwa mhasibu ni debiti, upande wa kushoto wa leja. Hivi usiviandike hata kama unadhani wamezoea.

Hatua ya 3: Sema kitu kinafanya nini, usikirefushe jina

Hapa ndipo tunapokosea hata tukiwa na nia njema. Tunaandika IPN halafu tunaweka maneno yake kamili ya Kiingereza, tunaona tumefafanua. Msomaji amepata maneno matatu mageni badala ya herufi tatu.

Jiulize kitu hicho kinafanya nini mwanachama anapoweka akiba. Mama wa Kihonda anatuma Sh 50,000 kwa simu. Kampuni ya simu inaipokea kwenye akaunti yetu, kisha kompyuta yake inabisha hodi kwenye kompyuta yetu na kusema: mwanachama fulani kaweka elfu hamsini. Hodi hiyo ndiyo `callback`. Kabla ya kuingia, kompyuta ya kampuni inadai hati inayothibitisha kwamba nyumba ni yetu kweli. Usiku ule hati ilikuwa imeisha muda, basi mgeni akageuka mlangoni. Pesa ilikuwa kwetu tayari, taarifa ndiyo haikuingia.

Ukishalielewa hivyo, sentensi inajiandika: "Kampuni ya simu ilipokea pesa lakini haikuweza kutupa taarifa, kwa sababu hati ya usalama ya kompyuta yetu ilikuwa imeisha muda." Haina kifupisho hata kimoja, na hakuna kilichopotea.

Ukishindwa kusema kitu kinafanya nini, mara nyingi ni kwa sababu hata wewe hujakielewa. Mimi nilipojaribu kuieleza hati hii ndipo nilipogundua sijui kwa nini iliisha wakati tulikuwa na utaratibu wa kuifanya upya yenyewe. Nilipokwenda kuangalia nikakuta hati mpya ilikuwemo kwenye diski karibu mwezi mzima. Seva haikuwa imeambiwa iisome, ikaendelea na ile ya zamani iliyokuwa kwenye kumbukumbu yake. Dawa yake ni hii:

```
certbot renew --deploy-hook "systemctl reload nginx"
```

Amri hiyo inabaki kwenye daftari la mafundi. Kwa meneja inakuwa: "Hati mpya ilikuwepo, ila mashine haikuelekezwa kuanza kuitumia."

Hatua ya 4: Saa na tarakimu

Sisi tuna mtego ambao wenzetu hawana. Seva ilikuwa inaandika 21:10 UTC ya tarehe 14. Meneja akasoma saa tatu na dakika kumi usiku. Kumbe kwa saa za hapa, ongeza tatu, ni 00:10, yaani saa 6:10 usiku, na tarehe imeshakuwa 15. Akawaambia wahudumu wa dirishani kwamba kila aliyeweka pesa kuanzia saa tatu usiku ameathirika, wakati pesa za waliotuma saa nne na saa tano zilikuwa zimeshaingia bila shida. Wakawekwa kwenye orodha bure.

Basi geuza mara mbili: kwanza kwenda saa za Afrika Mashariki, kisha kwenda saa ya Kiswahili, na uandike usiku, asubuhi, mchana au jioni. Taja na siku. Tarakimu nayo ipe jina la kitu: 63 ni miamala, si watu, maana mmoja anaweza kutuma mara mbili.

Hatua ya 5: Pima uhakika wa kila kitenzi

"Ipo OK" ilikuwa uongo mdogo. Njia ilikuwa imefunguka, ila kinga ya kuzuia isijirudie ilikuwa bado inasubiri majaribio, na nilikuwa nimeificha nyuma ya UAT. Ukiondoa lugha ya kifundi mambo kama haya yanabaki uchi, nawe inabidi uchague: tumerekebisha, au tumepoza kwa muda? Tumehakikisha, au hatujaona tatizo? Usiruhusu wepesi wa lugha uongeze uhakika ambao huna.

Hatua ya 6: Msomee mtu, kisha mwambie akueleze yeye

Usimuulize "umeelewa?" maana atakubali kwa heshima. Mimi nilimwendea dada wa dirishani nikamwomba anieleze atakachomwambia mwanachama. Aliposema "pesa zilirudi kwenye simu zao", nikajua sentensi yangu ya pili haijakaa sawa.

Taarifa ikatoka hivi:

> Kati ya saa 6:10 usiku wa kuamkia leo Jumanne tarehe 15 na saa 1:40 asubuhi, miamala 63 ya kuweka akiba kwa simu haikuonekana kwenye akaunti za wanachama, ingawa walikatwa. Pesa yote iko kwenye akaunti yetu kwa kampuni ya simu. Haikurudi kwa wanachama wala haikupotea.
>
> Miamala 58 tumeshaiingiza. Mitano, jumla Sh 310,000, ina namba za uanachama zilizoandikwa kimakosa. Uhasibu utaimaliza leo kabla ya saa 10 jioni.
>
> Chanzo: hati ya usalama ya kompyuta yetu iliisha muda, kampuni ya simu ikashindwa kutupa taarifa za malipo. Hati mpya ilikuwepo, mashine haikuelekezwa kuitumia. Hati hii huisha kila siku 90. Maelekezo ya kuibadilisha yenyewe tumeyaandika lakini hatujayajaribu, tutayajaribu Alhamisi.
>
> Tunaomba: ruhusa yako ya kuwatumia SMS wenye miamala hii mitano.

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, najua. Ile fupi ilizaa simu sita.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo zuri. Sasa nitumie Kiswahili sanifu, yaani kanzidata, kiolesura, seva pangishi? Au nibaki na maneno ya mtaani?

Jibu: Kanzidata kwa mjumbe wa bodi ambaye ni mfugaji wa kuku ni jargoni ileile, imevaa kanzu tu. Kipimo si asili ya neno, ni kama msomaji analitumia. "Mfumo unaotunza akaunti za wanachama" humaliza kazi. Kwenye mwongozo wa mafundi tumia kanzidata, hapo ni mahali pake.

Swali: Mwenyekiti wetu ana shahada ya kompyuta. Nikiandika hivi si ataona namchukulia kama mtoto?

Jibu: Yeye ni mmoja kati ya wangapi? Taarifa ya mwanzo waandikie wote, kisha chini yake weka aya moja yenye kichwa "Kwa mafundi", humo weka `nginx` yako na kila kitu. Angalia tu aya hiyo isiwe na habari ambayo haipo juu. Ikiwa nayo, umeificha.

Swali: Kaka, tuongee ukweli. "Hati iliisha muda" inatuchoma. Tukiandika `TLS handshake error` hakuna atakayejua ni uzembe wetu.

Jibu: Nimecheka, kwa sababu nami niliwaza hivyohivyo. Shida ni kwamba siku 90 zikipita na ikajirudia, watamwita mtu wa nje, naye ataieleza kwa maneno mepesi mbele yao. Andika kilichotokea kwenye mashine, usitaje aliyesahau. Kutaja jina la fundi kwenye taarifa ya hitilafu hakumsaidii meneja kuamua lolote.

Swali: Mimi natumia mifano sana, kama leseni ya gari. Inafaa?

Jibu: Kwa mdomo, ndiyo. Kwenye maandishi nina woga nayo. Niliwahi kuilinganisha hati hii na leseni, mjumbe mmoja akauliza faini ni kiasi gani na inalipwa wapi. Ile ya kubisha hodi nimewaandikia ninyi hapa, ila kwenye taarifa yenyewe haimo, rudi uangalie.

Swali: Ripoti yetu ya kila wiki ina `p95 latency 8s`. Hiyo nifanyeje, nifute?

Jibu: Usifute, ina habari. Maana yake maombi 95 kati ya 100 hujibiwa ndani ya sekunde 8, matano husubiri zaidi. Anza na hayo matano: "Kila mara 100 mwanachama anapoangalia salio, mara 5 anasubiri zaidi ya sekunde 8." Kisha taja ya wiki iliyopita ilikuwa ngapi, bila hiyo hajui afurahi au akasirike.