Ploti chache? Onyesha kila nukta

Ukiwa na ploti 8 tu za kuhesabia viumbe kwa kila makazi, usichore grafu ya mihimili ya wastani. Idadi za viumbe mara nyingi hazijasambaa sawasawa, na mhimili huficha hilo. Tuseme miche iliyohesabiwa ni 0, 1, 1, 2, 2, 3, 3 na 36. Wastani ni 6, lakini hakuna ploti hata moja yenye idadi iliyo karibu na 6. Weka nukta kwa kila ploti, uzitawanye kidogo kando zisifunikane, kisha pitisha mstari kwenye mediani, ambayo hapa ni 2. Ile ploti ya 36 itaonekana yenyewe, nawe utalazimika kuieleza.

Maelezo yakae chini ya kielelezo na yajitosheleze: “Kielelezo 4. Idadi ya miche ya miti kwa ploti ya mita 2 kwa 2 katika msitu na shamba lililoachwa. Kila nukta ni ploti moja (n = 8 kwa kila makazi); mstari mlalo ni mediani.”

Ukitumia wastani wenye vistari vya wima, taja kama ni mkengeuko sanifu au kosa sanifu. Kwa n = 8, cha kwanza ni karibu mara 2.8 ya cha pili, kwa hiyo msomaji asiyeambiwa atapotoka kabisa.