Mabuti yamerudi kutoka Kahuzi yamelowa: namna ya kuyakausha na kuyapaka nta

Ukipanda Kahuzi mwezi wa kumi na moja, usitegemee kurudi Bukavu na miguu mikavu. Kwenye mianzi maji yanakudondokea toka juu, kwenye tope yanaingia toka chini. Mabuti yangu ya ngozi huwa nayapima kwenye mizani ya jikoni: buti moja likiwa kavu lina gramu 720, nikirudi jioni linafika 950. Hizo gramu 230 za maji zinatakiwa zitoke polepole.

Najua kwa sababu mabuti yangu ya kwanza niliyaacha kando ya mbabula, makala bado mekundu, nikaenda kulala. Asubuhi yalikuwa magumu kama kigae, na soli ya moja imeachia gundi. Nilipoyavaa, ngozi ikapasuka pale vidole vinapojikunja. Fundi mmoja wa Kadutu aliyageuza-geuza akanirudishia. “Mtoto wangu, soli nitakushonea. Huu ufa, hapana.”

Ngozi ina mafuta ndani yake, nayo ndiyo yanafanya nyuzi zake ziteleze. Moto ukiyafukuza maji kwa haraka, nyuzi zinasinyaa na kushikamana, na siku ya kuzikunja zinakatika. Nta haiziungi tena.

Hatua ya 1: osha jioni ileile. Tope likikaukia kwenye ngozi linanyonya mafuta yake. Tumia maji baridi na brashi laini, na usisahau mikunjo ya ulimi, ndiko mchanga unajificha. Toa kamba na soli ya ndani, vikauke peke yake.

Hatua ya 2: jaza magazeti. Kunja vipande vidogo ujaze hadi kwenye ncha, lakini usishindilie mpaka buti livimbe. Mara ya kwanza badilisha baada ya saa moja, maana karatasi itakuwa imelowa kabisa; kisha badilisha kabla ya kulala na asubuhi. Buti lilale kwa ubavu, soli nayo ipate hewa, kwenye kivuli chenye upepo. Mimi naweka barazani. Jua la saa sita linafanya kazi ileile ya mbabula, ila polepole kidogo. Kama mahali pana joto ambalo mkono wako hauwezi kukaa bila kuungua, buti nalo lisikae hapo.

Hapa kwetu, na baridi ya msimu wa mvua, hesabu siku mbili au tatu. Yale yangu ya gramu 950 yaliyolowa Jumamosi yalikuwa 790 Jumapili jioni, na yalirudi 720 Jumanne. Kama huna mizani, gusisha ngozi ya ndani kwenye shavu: ikiwa bado na maji utasikia ubaridi. Usiyafungie kwenye mfuko, yataota ukungu.

Hatua ya 3: paka nta. Hii ni kwa ngozi laini ya kung'aa. Tumia nta ya viatu yenye nta ya nyuki. Mshumaa wa dukani ni mgumu; ukijikunja unabanduka kama magamba. Mawese, ambayo wengi wanayasifu, yanachacha, yanabaki yanata na kuokota vumbi.

Weka buti kwenye jua la asubuhi dakika kumi, lipate uvuguvugu tu. Chota nta kiasi cha punje ya haragwe, uisugue kwa vidole. Joto la mkono linaiyeyusha. Buti zima linamaliza kama kijiko kimoja cha chai. Kaa sana kwenye mishono, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji: pitisha nta kwa mswaki wa zamani, mara mbili. Acha usiku mmoja, halafu futa inayobaki juu kwa kitambaa. Ngozi itakuwa nyeusi zaidi kidogo, hiyo ni kawaida.

Kama buti lako ni la kitambaa, au la ngozi yenye vinyweleo kama mahameli, nta italilaza na kuliharibu sura. Hapo ni dawa ya kupuliza ya kuzuia maji. Pulizia nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni kwako, maana ule ukungu wake unaumiza mapafu. Shika kopo sentimita 15 hadi 20 mbali, pitisha mara mbili nyembamba, ukiacha ya kwanza ikauke. Soma kopo kwanza: kuna dawa zinazotaka kiatu kiwe na unyevu kidogo.

Hatua ya 4: jaribu kwa tone. Dondosha maji kwenye ncha na kwenye mkunjo wa vidole. Tone likisimama kama ushanga na kuteleza, uko tayari. Likitandaa na kuacha doa jeusi, rudia sehemu hiyo tu. Kwenye yangu, mkunjo ndio unaanza kunywa maji, kawaida baada ya safari tatu au nne, wakati kisigino bado kinayarusha.